Chumba Kina Homa

Darasa la Kihindi lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la chakula cha mifugo pale Ruiru, na kwa sababu hiyo kila aliyejifunza pale alijifunza huku akinusa pumba. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuja kwa kukipenda Kihindi. Walikuja kwa sababu nyumbani kulikuwa na mgonjwa, mgonjwa amepata nafasi katika hospitali ya Delhi, na mtu mmoja alipaswa kwenda kukaa naye. Rachael, mwenye ofisi ya kuwasafirisha wagonjwa, alikuwa amegundua kwamba madaktari wa kule wanaongea Kiingereza bila shida. Lakini anayebadilisha shuka, anayeleta uji na anayeshinda wodini mara nyingi ana Kihindi tu. Basi Rachael akamtafuta Nafuna.

Nafuna alitoka Thika, mtaa wa Landless, alikoishi na mumewe Erastus, fundi wa mashine kiwandani. Aliwahi kukaa Delhi muda mrefu na mtoto wao Byron, aliyekuwa na saratani ya damu. Byron alifia huko. Walimrudisha, wakamzika Kimilili kwa babu yake, na tangu siku hiyo Nafuna akawa hasikii kitu moyoni.

Watu walifikiri ana huzuni nyingi, wakamletea unga na sukari na maneno ya kutia moyo. Hakuwa na huzuni. Angekuwa nayo angejua la kuifanya, maana alikuwa amewaona wenye huzuni. Erastus alilia miezi mizima mpaka akamaliza, akarudi kazini, akaanza tena kubishana na watu kuhusu mpira. Nafuna aliusonga ule unga, akaula, akaosha sufuria. Chai ikimuunguza ulimi aliona tu kwamba ulimi umeungua, kama mtu anayeona jirani ameacha taa ikiwaka. Hata asubuhi ya siku tunayoisimulia aliuunguza kwa chai ya chupa, akameza, akaendelea kupanga viti.

Kufundisha kulimfaa. Kihindi hakikumwuliza anajisikiaje.

Lazima nieleze kidogo alichokuwa akifundisha, maana jambo lenyewe liko hapo hapo, wala si gumu kama watu wa vyuo wanavyopenda lionekane. Sisi tukitaka kusema kitu kiko wapi, ni cha nani, kinakwenda kwa nani, neno dogo hutangulia: kwenye meza, kwa Mburu, katika chumba. Mhindi hulipeleka nyuma. Kwake ni chumba katika, Mburu kwa, meza kwenye. Maneno hayo ni machache na mtu huyajua kwa wiki moja: mein ni ndani, par ni juu, se ni kutoka, ka ni cha au ya, ko ni kwa.

"Mkishangaa neno kukaa nyuma, mna deni la kujishangaa wenyewe," Nafuna aliwaambia siku ya kwanza. "Mnaposema chumbani, ile -ni iko wapi? Si iko nyuma?"

Darasa likacheka, likatulia. Ndipo akawapa la pili. Jina likishajua kwamba kuna kitu kimesimama nyuma yake, huinama. Chumba ni kamra. Lakini ndani ya chumba si kamra mein, ni kamre mein. Ile a ya mwisho inainama inakuwa e. Na ukisema chumba changu, changu nacho kinainama pamoja na mwenzake: mera kamra, lakini mere kamre mein. Si majina yote yanayoonyesha kuinama. Ghar, nyumba, husimama vile vile, ghar mein. Chai nayo haijali, chai mein, na wanafunzi waliipenda chai kwa tabia hiyo. Wanaoinama wazi wazi ni wale wa kiume wanaoishia kwa a: kamra mlango wake ni darwaza, pazia lake parda, na wote watatu huinama.

Wanafunzi walikariri kwa pamoja. Hiyo ndiyo njia aliyoijua Nafuna, naye alifundishwa hivyo na Sarla, mwalimu mstaafu aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha pili kutoka kwa Byron kule Delhi. Mwalimu anasema, darasa linarudia. Na lile darasa lilirudia kweli kweli. Walikuwa watu wazima wenye hofu, na mwenye hofu hataki kuacha hata punje idondoke. Siku moja Nafuna alisema, "Subirini nifunge dirisha," na sauti kumi na moja zikaitikia, "Subirini nifunge dirisha." Muuza pumba aliwahi kupanda ngazi kuuliza kama wameanzisha kanisa.

Kamre mein. Kamre mein! Kamre se. Kamre se! Kamre ka darwaza. Kamre ka darwaza! Waliingia chumbani, wakatoka chumbani, wakasafisha chumba, wakatundika mapazia, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyeshangaa kwamba watu wanaokwenda kuuguza wanafundishwa kana kwamba wanakwenda kupanga nyumba.

Muasya ndiye aliyeshangaa, tena kwa kuchelewa.

Muasya alikuwa mkulima wa Ngoliba, mwenye maembe machache na mbuzi wengi, mwanamume mrefu aliyekaa mbele na kuandika kila kitu kwa herufi kubwa. Mtoto wake Nzioki alikuwa na tundu kwenye moyo. Mkewe, Mbinya, alikuwa na mimba kubwa, kwa hivyo safari ilimwangukia baba. Ndege yao ilikuwa ya Alhamisi. Jumatatu mfanyakazi wa ile hospitali alipiga simu kuthibitisha karatasi, wakazungumza Kiingereza chao cha kubahatisha hadi yule mtu akauliza kama Muasya anajua Kihindi chochote. Muasya akajibu kwamba anajua. Akaulizwa, haya, siku mtoto akipata homa utamwambiaje nesi?

Jumanne asubuhi Muasya alikuja darasani na kusimulia mwenyewe, akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Nikamwambia, mere kamre ko bukhar hai."

Darasa likahesabu maneno. Bukhar ni homa. Hai ni iko. Halafu Njambi, mama wa pale Thika aliyekuwa akimpeleka binti yake, akaziba mdomo kwa kitenge.

"Chumba changu kina homa," akasema.

"Ndiyo hivyo," Muasya akasema. "Yule mtu alicheka. Akaita wengine, nikarudia, nao wakacheka. Hawakucheka vibaya, sitawasingizia. Lakini mke wangu alikuwa amekaa hapo, na mtoto amelala pale, na Mbinya akaniuliza, wanacheka nini? Ungekuwa mimi ungemwambia nini?"

Nafuna alikuwa amesimama karibu na ubao. "Baba Nzioki, chumba ni kamra. Mtoto wa kiume ni beta. Niliwapa hilo neno wiki ya kwanza."

"Ulinipa, mwalimu. Nimeliandika. Beta. Limesimama peke yake hapo, halina mkia." Akafungua daftari lake, akalifunga bila kutazama. "Mimi nilijua vizuri nasema chumba. Mimi si mjinga. Lakini beta sijui nikimwekea ko anakuwa nani. Hujawahi kutuonyesha. Nikaogopa kumwambia yule mtu kitu kibovu juu ya mtoto wangu, nikamwambia kile nilicho nacho. Na nilicho nacho ni chumba."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Huyu wangu ni msichana," Njambi akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. "Beti haibadiliki, siyo mwalimu? Meri beti ko bukhar hai. Nilijaribu tu mwenyewe nikiosha vyombo."

"Ni sawa hivyo," Nafuna akasema. "Beti haibadiliki."

"Basi Njambi amepona," Muasya akasema. "Sisi wenye wavulana?"

Nafuna aligeukia ubao. Ulikuwa umejaa vyumba. Alijua sana kwa nini, wala hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Kitabu cha Sarla, na kila kitabu cha Kihindi alichokishika baadaye, kikifika kwenye majina yanayoinama huleta mfano uleule: mvulana, au mwana. Ladka, ladke ko. Beta, bete ko. Ukurasa mzima unainamisha mtoto wa kiume, mtoto kwa, mtoto na, mtoto kutoka. Sarla alimfundisha kwa mfano huo huo, kidole kikimwelekea Byron pale kitandani, na Byron akicheka kila alipotajwa. Rachael alipompa kazi, Nafuna alitazama ule ukurasa, akauruka, akamweka kamra mahali pake. Sarufi haikulalamika. Kamra na beta huinama sawasawa.

Hakuona kama ni kosa. Hakuona kama ni chochote. Aliruka ukurasa kama mtu anayezunguka dimbwi.

"Kesho kutwa naondoka," Muasya akasema. "Nipe tu huyo mtoto, mwalimu. Dakika tano."

"Nesi atakuelewa hata ukisema vibaya. Sema mera beta ko. Sema beta bukhar. Ataelewa."

"Unasema hivyo kwa sababu wewe unajua."

"Nasema ukweli. Wanaelewa. Hata ukimgusa tu mtoto paji la uso na kumwonyesha."

"Na wewe ulisema vibaya? Wakati wako?"

Hakuna mtu darasani aliyewahi kuuliza juu ya wakati wake. Rachael alikuwa akiwaambia wateja kwamba mwalimu naye alikwenda na mtoto, akaishia hapo na kuwaachia wamalizie wenyewe, na kila mmoja alimalizia alivyotaka. Nafuna hakuwa amedanganya. Hakuwa ameulizwa.

"Nilisema vizuri," akajibu.

"Na mtoto wako alipona, siyo?"

Muasya aliuliza akiwa tayari na tabasamu la kupokea jibu. Njambi akamtazama mwalimu, naye akaliona jambo kabla ya wengine, akashusha macho kwenye kitenge chake.

Nafuna alifikiria kusema ndiyo. Lilikuwa neno fupi na lingewasaidia wote kupanda ndege. Alilitafuta mdomoni akakuta hana nguvu ya kulibeba.

"Hapana," akasema. "Alikufa."

Kwa mara ya kwanza tangu darasa lianzishwe hakuna aliyerudia alichosema mwalimu. Chini, mtu alikuwa akipima pumba kwa beleshi.

"Ilikuwa mchana," Nafuna akaendelea, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kufundishia, haikupanda wala kushuka. "Byron alikuwa amelala, nikamgusa, alikuwa moto sana. Daktari alikuwa upande mwingine. Nikatoka kwenye korido nikasema, mere bete ko bukhar hai. Nilisema vizuri. Kila kitu kiliinama panapotakiwa. Sarla angefurahi. Halafu baadaye daktari akatoka, na alikuwa anajua Kiingereza, lakini sijui, siku hiyo akaniambia kwa Kihindi. Aapka beta nahin raha. Mtoto wako hayuko tena. Beta, umesikia? Si bete. Hakuna lile neno dogo nyuma yake, kwa hivyo hainami. Mtoto akishakufa hakuna cha kumpelekea."

Akaona alikuwa amefundisha kitu ambacho hakukipanga, na kwamba kilikuwa sahihi. Akakunja kitambaa cha ubao mara mbili.

"Pole, mwalimu," Njambi akasema. Wengine wakafuata, pole, pole sana, kila mmoja kwa wakati wake, ovyo ovyo, si kwa pamoja.

Alizipokea kama alivyopokea unga. Alitarajia Muasya achukue kofia yake na kuondoka, na asingemlaumu. Nani anataka kufundishwa kuuguza na mtu aliyerudi na jeneza? Rachael angepiga simu jioni. Kazi ingekwisha, angekaa Landless akitazama ukuta, na ukuta nao haungemwuliza anajisikiaje.

Muasya hakuondoka. Alikuwa akikunja uso, kama anayepiga hesabu ya mvua.

"Uliposema vile kwenye korido," akauliza, "walikuja?"

"Nani?"

"Manesi. Uliposema vizuri. Walikuja?"

Nafuna alilazimika kurudi kule kutazama, jambo ambalo hakuwa amelifanya. Alikuwa na picha ya daktari akitoka. Ya kabla yake hakuwa ameigusa. Sasa aliiona korido, sakafu ikiwa na maji ya kupigwa deki, na wale wasichana wawili waliokuwa wakila chapati zao nyuma ya meza. Mmoja aliitupa chapati. Hakuiweka, aliitupa.

"Walikuja mbio," akasema. "Wote. Hata mwenye kupiga deki."

"Hawakuuliza mara ya pili?"

"Hawakuuliza."

Muasya akakaa chini, akafungua daftari, akatafuta kalamu.

"Basi mimi nataka hiyo," akasema. "Mambo ya kupona ni ya Mungu na madaktari, hayo sikukuletea wewe. Mimi nataka nikiita, waje mbio. Wasisimame kwanza kunicheka. Nifundishe hiyo, Mama Byron."

Hakuna aliyekuwa akimwita hivyo Ruiru. Kimilili walimwita, na Landless, lakini huku juu ya pumba alikuwa mwalimu tu, na alikuwa amepanga iwe hivyo. Muasya hakujua amevunja mpango wowote. Alikuwa amesikia jina la mtoto sasa hivi, naye akamwita mama wa mtoto kama watu wanavyoitana.

Nafuna akafuta ubao. Vyumba vyote vikatoka, na milango, na mapazia. Chaki ilikuwa fupi, akaandika huku ukucha ukikwaruza ubao.

Mera beta. Akaandika chini yake: mere bete ko.

"Mere bete ko bukhar hai," akasema.

"Mere bete ko bukhar hai!"

"Mere bete ko dard hai. Mtoto wangu ana maumivu."

"Mere bete ko dard hai!" Na kwa sababu walikuwa wale wale, sauti mbili tatu za nyuma zikaongeza, "Mtoto wangu ana maumivu!"

"Mere bete ke liye dawa. Dawa ya mtoto wangu. Mere bete ne nahin khaya. Mtoto hajala. Wakiwa wengi ni beton ko, lakini hiyo msijali, mna mmoja mmoja."

Alikwenda haraka. Muasya aliandika huku midomo yake ikicheza. Njambi, ambaye hakuhitaji, alikariri pia. Nafuna hakusikia kitu moyoni, na aliona kwamba hasikii kitu, na akafikiri kumbe inawezekana, kumbe ningeweza kuufundisha ule ukurasa tangu mwanzo na usinifanye chochote.

Ukurasa ulikuwa na sentensi moja zaidi. Ndiyo ya kwanza watakayoulizwa mapokezi, kabla ya homa, kabla ya yote. Jina la mtoto.

"Ya mwisho," akasema. "Hii mtaisema mlangoni. Mere bete ka naam, halafu mnaweka jina, halafu hai. Jina la mtoto wangu ni fulani. Nitaanza mimi, halafu kila mtu ataweka la kwake."

Akafungua mdomo. Yaliyokwisha yana neno lake, tha, lakini darasa lilikuwa halijafika wakati uliopita, na sentensi ya mlangoni ni hai. Hakukuwa na njia nyingine ya kuwapa mfano.

"Mere bete ka naam Byron hai."

Alikuwa amewaambia kila mtu aweke la kwake. Labda hawakusikia. Labda ilikuwa mazoea tu, hofu ile ile ya kudondosha punje. Au labda haikuwa mazoea, hakuwahi kuuliza. Muasya alikuwa wa kwanza kuinua kichwa, na sauti kumi na moja zikaitikia kwa pamoja, wazi, kama zilivyoitikia dirisha na mlango na pazia.

"Mere bete ka naam Byron hai!"

Sauti ziligonga bati zikarudi. Chini, beleshi likanyamaza.

Nafuna alipaswa kuwasahihisha. Alisimama na kile kipande cha chaki, na ulimi, ule uliokuwa umeungua tangu asubuhi, ukaanza kumuuma. Ulimuuma kwenye ncha, kisha wote, maumivu makali ya kitoto, hadi macho yakajaa maji na hakuweza kuuona ubao.

"Tena," akasema.